Jipu la Jino Linaposhuka Shingoni: Kulinda Njia ya Hewa na Kuamua Wakati wa Kupasua

Mwongozo huu ni wa tabibu, daktari au muuguzi wa zamu, katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya, anayempokea mgonjwa aliyevimba chini ya taya baada ya siku kadhaa za kuumwa jino. Hauhusu kijipu cha ufizi kinachotumbuliwa kwenye kiti cha daktari wa meno na mgonjwa akarudi nyumbani jioni hiyo hiyo. Unahusu hali ambayo uambukizo umevuka mfupa wa taya na kuingia katika mianya ya shingo, hasa ile aina inayojaza sakafu yote ya mdomo pande zote mbili na kuitwa angina ya Ludwig, kwa jina la daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliyeieleza mwaka 1836. Kabla ya kuja kwa antibayotiki, zaidi ya nusu ya waliopatwa na hali hii walikufa. Dawa zimepunguza sana vifo hivyo, lakini mgonjwa wa leo bado anaweza kufa kwa sababu ile ile ya zamani, yaani hewa kuziba kabla ya dawa kufanya kazi.

Wengi wetu humpokea mgonjwa wa namna hii tukijiuliza kama kuna usaha. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni kama njia yake ya hewa itabaki wazi kwa saa chache zijazo, na jibu lake ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata: mgonjwa akae wapi, apigwe picha au asipigwe, alazwe usingizi kwa njia gani, na apasuliwe lini.

Uambukizo unapita wapi

Jino lililooza hadi kwenye kiini hupeleka bakteria mpaka ncha ya mzizi, na usaha unaojikusanya hapo hutoboa mfupa upande ulio mwembamba zaidi. Kwa magego ya nyuma ya taya la chini, upande huo mara nyingi ni ule wa ndani unaotazama ulimi. Kinachoamua usaha utaishia wapi baada ya kutoboa ni msuli mpana uliotandazwa kutoka taya la kushoto hadi la kulia, ambao ndio sakafu ya mdomo. Msuli huu umeshikizwa kwenye mstari wa mfupa ulio juu upande wa nyuma na unaoshuka kadiri unavyoelekea kidevuni. Kwa sababu hiyo, mizizi ya gego la pili na la tatu kwa kawaida hufika chini ya mstari huo, na usaha wake huingia moja kwa moja katika mwanya ulio chini ya taya, yaani shingoni. Mizizi ya gego la kwanza na ya meno yaliyo mbele yake mara nyingi huishia juu ya mstari, na usaha wake hubaki chini ya ulimi.

Tofauti hiyo haidumu. Ukingo wa nyuma wa msuli huo uko huru, kwa hiyo mwanya wa chini ya ulimi na ule wa chini ya taya huwasiliana kwa nyuma, na ule wa chini ya ulimi huvuka kwa urahisi kwenda upande wa pili. Kwa nyuma zaidi kuna mwanya wa pembeni ya koo, unaopakana na mishipa mikubwa ya damu ya shingo, na kutoka hapo uambukizo unaweza kupita nyuma ya koo na kuteremka hadi kifuani, katikati ya mapafu. Mgonjwa wa jino anayeanza kulalamika maumivu ya kifua au kushindwa kupumua huku shingo yenyewe haijavimba zaidi achukuliwe kuwa uambukizo wake umeshafika huko hadi picha itakapoonyesha vinginevyo.

Kutokana na ramani hiyo, swali la kumwuliza mgonjwa mapema ni jino lipi lililoanza kuuma. Gego la mwisho au la kabla yake, taya la chini, ni jibu linalopaswa kuongeza tahadhari hata kama uvimbe bado ni mdogo.

Kwa nini hewa ndiyo hatari ya kwanza

Mianya ya chini ya taya imefunikwa kwa nje na utando mgumu ulioshikizwa kwenye mfupa wa taya kwa juu na kwenye mfupa mdogo wa ulimi kwa chini. Utando huo hautanuki. Maji ya uvimbe yanapozidi, shinikizo halipati nafasi ya kutokea kwa nje, na kitu pekee kinachoweza kusogea ni ulimi, ambao husukumwa juu hadi kwenye kaakaa na nyuma hadi kwenye koo. Ndiyo maana uvimbe unaoonekana kwa nje hauna uwiano na hatari iliyo ndani: shavu lililovimba sana kutokana na jino la juu linaweza kuwa halitishii pumzi hata kidogo, ilhali shingo iliyojaa kwa kiasi tu, ngumu kama ubao, inaweza kuwa inamziba mtu. Kisha uvimbe huenea hadi kwenye tishu laini zinazozunguka mlango wa bomba la hewa, mahali ambapo huwezi kupaona kwa tochi.

Kupungua kidogo kwa upana wa njia hiyo kuna madhara makubwa kuliko mtu anavyotarajia. Kipenyo kikipungua kwa nusu, ukinzani wa hewa inayopita kwa utulivu huongezeka mara 16, na hewa inapoanza kwenda kwa msukosuko na kupiga mluzi huongezeka kuliko hapo. Mgonjwa aliye macho hufidia hilo kwa kuketi wima, kuinamisha kichwa mbele, kushusha taya na kukaza misuli ya koo ili nafasi ndogo iliyobaki isifungike. Ukimlaza chali, ulimi huangukia nyuma. Ukimpa dawa ya usingizi au ya kumtuliza, misuli iliyokuwa ikiishikilia njia wazi hulegea. Mambo hayo mawili, kumlaza na kumlegeza, ndiyo yanayogeuza njia iliyobana kuwa njia iliyofungwa, na mara nyingi hufanywa na sisi wenyewe kwa nia njema.

Jambo la tatu la kuepuka ni kutegemea kipima oksijeni cha kidoleni. Mgonjwa anayepumua kwa nguvu, hasa akiwa amewekewa oksijeni, anaweza kuonyesha asilimia 97 hadi dakika chache kabla ya kuzidiwa. Kiwango kinaposhuka, muda wa kupanga umekwisha.

Hatua ya 1: Tazama na usikilize kabla ya kugusa

Simama mbele ya mgonjwa, usimwambie alale, na utazame amekaaje. Anayekataa kuegemea nyuma, anayeshikilia magoti na kutokeza kidevu, ameshakuambia jambo kubwa. Tazama kama anameza mate yake au anayatema kwenye kitambaa. Mwulize jina na anakoishi, usikilize sauti yake: sauti nzito iliyofifia, kama ya mtu aliye na chakula cha moto mdomoni, ni dalili ya ulimi uliosukumwa na koo lililovimba. Sauti ya kukoroma au mluzi wakati wa kuvuta pumzi huja baadaye, na ikishasikika hali ni ya dharura bila mjadala.

Kisha mwombe afungue mdomo na upime kwa rula umbali kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima kwa kawaida hufungua milimita 40 au zaidi. Chini ya milimita 20, jua kwamba kuingiza mpira wa kupumulia kwa njia ya kawaida kutakuwa kugumu sana, na usijidanganye kwamba taya litalegea akishalala usingizi. Lililokazwa na maumivu pekee huenda likalegea. Ambalo misuli yake yenyewe imeshavamiwa na uambukizo huenda lisilegee. Mwombe pia atoe ulimi nje. Akishindwa kuupitisha kwenye midomo, au ukiuona umekaa juu na sakafu ya mdomo imetuna, uvimbe umeshaingia chini ya ulimi.

Mwisho kabisa gusa shingo. Tafuta ugumu, joto, maumivu, na kama uvimbe umevuka mstari wa katikati. Ukibonyeza na kuhisi mchakacho wa viputo vya hewa chini ya ngozi, au ukiona ngozi inageuka rangi ya zambarau au imekufa ganzi, fikiria uambukizo unaoozesha tishu, ambao hausubiri kesho. Chora kwa kalamu mpaka wa uvimbe na uandike saa kando yake. Saa nne baadaye mstari huo utakuwa na thamani kuliko maelezo marefu kwenye faili.

Uliza alichokunywa nyumbani. Wagonjwa wengi hufika wakiwa wametumia diklofenaki au ibuprofeni kwa siku kadhaa pamoja na kapsuli chache za amoksilini zilizonunuliwa duka la dawa. Dawa hizo za maumivu hupunguza homa na kufanya uambukizo uonekane mpole kuliko ulivyo, kwa hiyo kukosa homa kusikutulize.

Hatua ya 2: Nusu saa ya kwanza

Mgonjwa abaki ameketi. Mwekee oksijeni, fungua mshipa, chukua damu, na upime sukari mara moja hata kama anasema hana kisukari, kwa sababu kwa baadhi ya watu jipu hili ndilo linalofichua kisukari kwa mara ya kwanza. Anza antibayotiki za mshipani bila kungoja majibu ya maabara. Uambukizo huu ni wa bakteria mchanganyiko, wanaohitaji hewa na wasioihitaji, kwa hiyo dawa moja nyembamba haitoshi. Kwa mtu mzima asiye na mzio, mchanganyiko unaopatikana katika hospitali zetu nyingi ni seftriaksoni gramu 2 mara moja kwa siku pamoja na metronidazoli miligramu 500 kila baada ya saa 8. Mahali penye ampisilini iliyochanganywa na sulbaktamu, gramu 3 kila baada ya saa 6 zinafaa vilevile. Mpe maji kwenye mshipa, maana kwa siku kadhaa ameshindwa kumeza. Deksamethasoni hutumiwa na madaktari wengi ili kupunguza uvimbe, na ushahidi wake ni mdogo. Ukiitumia, ufuatilie sukari, na usiichukulie kuwa sababu ya kuahirisha hatua inayofuata.

Wakati dawa zinaingia, piga simu mbili: kwa mtaalamu wa usingizi na kwa daktari atakayepasua, awe wa kinywa na meno, wa koo, au wa upasuaji wa jumla. Waambie mambo manne tu, yaani anakaaje, anameza au hamezi, mdomo unafunguka milimita ngapi, na ulimi uko wapi. Taarifa hiyo fupi huwaleta watu haraka kuliko kusema kuna mgonjwa wa jipu la jino, kwa sababu maneno hayo humfanya msikilizaji afikirie kliniki ya asubuhi.

Hatua ya 3: Amua kuhusu njia ya hewa

Mgonjwa akiwa na dalili yoyote kati ya kushindwa kumeza mate, kushindwa kulala chali, sauti iliyofifia pamoja na ulimi uliopanda, au mluzi wa pumzi, njia yake ya hewa ilindwe kwanza, na ilindwe ndani ya chumba cha upasuaji, wote wanaohusika wakiwepo. Usimpeleke kwenye mashine ya CT. Picha hiyo humtaka alale chali kimya katika chumba ambacho hakuna anayeweza kumsaidia, na haitabadilisha uamuzi ambao tayari umeshafikiwa.

Njia inayopendelewa ni kuingiza mpira wa kupumulia kupitia puani, mgonjwa akiwa macho, kwa kutumia kamera nyembamba inayopindika na ganzi ya kupuliza kooni. Inahitaji kifaa na mkono uliozoea. Hospitali nyingi za wilaya hazina kifaa hicho, na mahali ambapo hakipo, kutoboa bomba la hewa shingoni kwa ganzi tu, mgonjwa akiwa nusu ameketi na anapumua mwenyewe, ni uamuzi wa busara na wala si ishara ya kushindwa. Kinachopaswa kukataliwa waziwazi ni kumlaza usingizi kamili na kumlegeza misuli kwa matumaini ya kuona njia, na pia kusukuma mpira puani bila kuona, kwa sababu jipu la ukutani mwa koo linaweza kupasuka na usaha ukamwagika kwenye mapafu.

Kabla ya jaribio lolote, tafuta kwa vidole utando mdogo ulio chini tu ya kikoromeo na uuwekee alama ya kalamu wakati mgonjwa bado ameketi. Hapo ndipo pa kukata kama kila kitu kikishindikana, na vifaa vyake viwekwe wazi mezani: kisu cha upasuaji namba 10, kijiti cha kuongozea mpira, na mpira wa namba 6 wenye puto. Kwenye shingo iliyovimba utando huo unaweza usionekane wala kuguswa, na hapo mkato wa kwanza huwa wa wima, sentimita 8 hadi 10 katikati ya shingo, kisha vidole hutafuta njia. Mtu atakayekata ajulikane kwa jina kabla ya kuanza, si wakati midomo imeshageuka bluu.

Ukiwa kituo cha afya na huna chochote kati ya hivi, kazi yako ni rufaa ya haraka. Mgonjwa asafiri ameketi, antibayotiki zikiwa zimeshaingia, hospitali inayompokea ikiwa imepigiwa simu na kukubali, na ndani ya gari awemo mtu anayeweza kukata utando ule. Usimpe dawa ya kumtuliza kwa ajili ya safari, hata akihangaika. Kuhangaika kwake huenda ndiko kukosa hewa.

Hatua ya 4: Amua lini apasuliwe

Kosa lililozoeleka ni kungoja uvimbe ulainike na kuyumba chini ya kidole ndipo uitwe jipu lililoiva. Kanuni hiyo inafaa kwa jipu la paja. Shingoni usaha hukaa chini ya utando mgumu na misuli, na kwa angina ya Ludwig mara nyingi kuna usaha kidogo sana, au maji machafu yenye harufu tu, yaliyotawanyika ndani ya tishu zilizokaza. Kukosa kuyumba hakuthibitishi kwamba hakuna cha kutoa. Isitoshe, kupasua hapa hakufanywi kwa ajili ya usaha peke yake: kufungua utando huondoa lile shinikizo linalousukuma ulimi, na huruhusu damu yenye dawa kufika mahali ambapo haikuwa ikifika.

Mimi hugawa wagonjwa hawa katika makundi matatu. La kwanza ni wale ambao njia yao ya hewa ilihitaji kulindwa, pamoja na wenye dalili za tishu kuoza. Hao hupasuliwa katika kikao hicho hicho, mara tu mpira wa kupumulia ukishakaa salama, bila picha kama haipatikani haraka. La pili ni wale wanaopumua vizuri lakini uambukizo umejaza mianya miwili au zaidi, au umeingia pembeni ya koo, au sindano ama picha imeonyesha usaha, au mapigo, pumzi na shinikizo la damu vinaonyesha kwamba sumu ya uambukizo imeenea mwilini. Hao hupasuliwa ndani ya saa chache, na CT yenye dawa ya kung'arisha hufanywa kwanza ikiwa wanaweza kulala chali bila taabu. Ultrasaundi husaidia kwa mwanya wa chini ya taya, na inaweza kuongoza sindano, lakini haioni vizuri kilicho nyuma ya mfupa wa taya wala pembeni ya koo, kwa hiyo ultrasaundi safi haimtoi mgonjwa mwenye mdomo usiofunguka katika kundi hili.

Kundi la tatu ni wale wenye uvimbe mdogo wa upande mmoja, wanaomeza, wanaofungua mdomo vizuri na ambao picha haionyeshi usaha. Hao wanaweza kulazwa kwa dawa za mshipani na kupimwa upya kila baada ya saa 4, kwa vipimo vile vile vya Hatua ya 1 na mstari ule wa kalamu. Uvimbe ukipita mstari, au mdomo ukizidi kukaza, au saa 24 hadi 48 zikipita bila nafuu, wanahamia kundi la pili. Kisukari kisichodhibitiwa, VVU iliyoendelea, ujauzito na dawa zinazoshusha kinga hunifanya nimsogeze mgonjwa kundi moja juu, kwa kuwa kwa watu hawa uambukizo huenda haraka kuliko dalili zinavyoonyesha.

Na jino? Imani kwamba jino lenye uvimbe haling'olewi mpaka uvimbe uishe imewacheleweshea wengi, na kwa bahati mbaya hurudiwa hata na baadhi ya wahudumu. Jino ndilo chanzo. Likibaki, dawa hutuliza na uambukizo hurudi. Ling'olewe mapema kadiri mdomo unavyoruhusu, na kama mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji, ling'olewe siku hiyo hiyo.

Mfano wa uamuzi na upasuaji wake

Huu ni mfano uliotungwa kwa kuchanganya hali zinazokutwa mara nyingi. Dereva wa bodaboda wa miaka 34 anafika saa 3 usiku. Gego la mwisho la kushoto chini limemuuma kwa siku 5. Ametumia amoksilini na diklofenaki, na tangu asubuhi hawezi kumeza ugali wala uji. Ameketi ameinama, anatema mate kwenye khanga ya mkewe. Joto ni 37.9, mapigo 118 kwa dakika, pumzi 24, oksijeni asilimia 97, sukari 19. Mdomo unafunguka milimita 15, ulimi umepanda, na shingo ni ngumu pande zote mbili bila sehemu yoyote inayoyumba.

Mtu anayesoma namba pekee angeridhika na oksijeni ya 97 na joto lisilofika 38, akaandika dripu na kliniki ya meno asubuhi. Lakini joto limeshushwa na diklofenaki, na oksijeni imebaki juu kwa sababu bado ana nguvu za kupumua. Mate anayotema, ulimi uliopanda na kushindwa kuegemea nyuma vinamweka kundi la kwanza. Hakuna CT. Anapewa seftriaksoni, metronidazoli, maji na insulini, mtaalamu wa usingizi na daktari wa upasuaji wanaitwa, na kwa kuwa kamera haipo, bomba la hewa linatobolewa kwa ganzi akiwa nusu ameketi. Baada ya hapo ndipo analazwa usingizi.

Mkato wa kila upande una urefu wa sentimita 2 hadi 3, na hupigwa ukiwa sambamba na taya, sentimita 2 chini ya ukingo wake, ili kuepuka tawi la neva linalosogeza pembe ya mdomo wa chini. Ngozi, msuli mwembamba wa chini yake na utando vikishakatwa, kisu huwekwa kando. Koleo la mishipa huingizwa likiwa limefungwa, hufunguliwa likiwa ndani, na hutolewa likiwa wazi, likifuata upande wa ndani wa mfupa wa taya kuelekea lilipo jino, kisha kupenya msuli wa sakafu ya mdomo hadi chini ya ulimi. Mkato mdogo wa tatu chini ya kidevu hufungua mwanya wa katikati. Kwa mgonjwa huyu yanatoka maji ya kahawia yenye harufu kali, yasiyofika kijiko cha chai, na msaidizi anaweza kudhani upasuaji haukuwa wa lazima. Lakini shingo inalainika pale pale chini ya vidole na ulimi unashuka. Sampuli hupelekwa maabara, mianya huoshwa kwa maji ya chumvi, gego hung'olewa, na mipira ya kutolea uchafu huachwa kila mwanya na kushonwa isichomoke.

Siku zinazofuata

Upasuaji wenyewe huongeza uvimbe kwa siku moja au mbili, kwa hiyo mpira wa hewa hautolewi kwa sababu tu mgonjwa ameamka vizuri. Kwa aliyewekewa mpira kupitia puani, saa 24 hadi 72 ni za kawaida, na kabla ya kuutoa puto hutolewa hewa ili kusikiliza kama pumzi inapita kando ya mpira. Isipopita, mlango wa bomba la hewa bado umevimba. Hata ikipita, vifaa vya kurudisha mpira na vya kukata shingo viwe kitandani wakati wa kuutoa, na utolewe mchana, watu wakiwepo.

Homa inayoendelea, mapigo yasiyoshuka au shingo inayokaza tena baada ya saa 48 maana yake mara nyingi ni mwanya ambao haukufunguliwa, na jibu lake ni picha na kurudi chumba cha upasuaji kabla ya kubadilisha antibayotiki. Hapo CT ndiyo yenye thamani kubwa kuliko wakati mwingine wowote, na ishuke hadi kifuani. Mipira ya uchafu hutolewa inapokuwa haitoi tena kitu, kwa kawaida siku ya 2 hadi ya 4. Dawa za mshipani hubadilishwa kuwa za kumeza mgonjwa anapomeza bila taabu, na mazoezi ya kufungua mdomo huanza mapema, yakipimwa kwa rula ile ile, kwa sababu taya lililokaa limekaza kwa wiki kadhaa hulegea polepole. Dereva wetu ataruhusiwa akiwa na tarehe mbili: moja ya kliniki ya meno kwa ajili ya magego mengine yaliyooza, na nyingine ya kliniki ya kisukari, ambayo hakujua kwamba anaihitaji.